Siku 91 si rehani

Katikati ya mwaka 2024, mtu aliyenunua hati ya Hazina ya siku 91 nchini Kenya alikuwa akilipwa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Kufikia mwisho wa 2025, hati hiyo hiyo ilikuwa ikilipa chini kidogo ya asilimia 8. Riba ya Benki Kuu ilikuwa imeteremshwa kikao baada ya kikao, toka asilimia 13 mpaka 9 mwezi Disemba 2025, na mifuko ya soko la fedha, hii ambayo kila mtu siku hizi anaiita mani maketi, haikuwa na njia ila kufuata. Manung'uniko yakaanza. Kuna wanaosema mameneja wa mifuko wanakula faida ya watu. Wengine hawana muda wa kulalamika, wameshahamisha pesa zao na kuzipeleka kwenye hati za kampuni zinazotoa asilimia 15 au 16, na ukiwauliza kama hawaogopi wanakujibu kwa utulivu kabisa: hii ni ya miezi sita tu, mambo ya muda mfupi hayana hatari.

Jibu hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu nusu yake ni kweli. Vitabu vya fedha huweka hati za Hazina, mikopo ya rehani ya siku chache iitwayo repo, hati za muda mfupi za kampuni na amana za mabenki katika kapu moja na kuliandika juu yake: mikopo ya muda mfupi, hatari ndogo. Msomaji wa haraka anaondoka akiamini kwamba ufupi wa muda ndio unaoleta usalama. Hoja yangu ni kwamba ufupi wa muda unampa mkopeshaji kitu kimoja tu, nacho ni nafasi ya kuondoka mapema. Kama atakuta pesa mlangoni siku ya kuondoka, hilo linategemea mambo mawili mengine: ameshika nini mkononi, na mkopaji atazitoa wapi hela za kulipa. Ukivipima kwa mambo hayo mawili, vitu vilivyomo kwenye kapu lile vinatofautiana sana.

Tuanze na kile ambacho ufupi wa muda unakifanya kweli, maana si haki kuubeza. Hati ya Hazina haina riba inayolipwa kidogo kidogo. Unainunua kwa bei ya chini na kulipwa shilingi 100 kamili siku inapoiva. Kwa riba ya asilimia 8, hati ya siku 91 inauzwa karibu shilingi 98. Riba ikiruka ghafla mpaka asilimia 16, yaani ikiongezeka maradufu usiku mmoja, bei inashuka mpaka karibu shilingi 96. Huo ni mshtuko mkubwa kupita kiasi, na bado aliyekuwa na hati amepoteza shilingi 2 kati ya 98, tena anazirudisha zote akisubiri miezi mitatu. Mwenye hatifungani ya miaka kumi akipigwa na mshtuko huo huo anaweza kupoteza zaidi ya theluthi ya bei yake. Kwa hiyo upande wa bei, ufupi ni kinga halisi. Kadiri siku ya kuiva ilivyo karibu, ndivyo misukosuko ya riba inavyokosa nafasi ya kukuumiza.

Faida ya pili ni kwamba muda mfupi haumpi mkopaji nafasi ya kubadilika sana. Kampuni iliyo imara leo ni nadra kuwa imekufa baada ya siku 30, lakini baada ya miaka kumi nani ajuaye. Na kwa serikali, kuna jambo la ziada ambalo watu hawalitaji mara nyingi. Ghana iliposhindwa kubeba deni lake, mwezi Disemba 2022 ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani zake za ndani, na wenye hatifungani hizo wakapewa nyingine zenye masharti mabaya zaidi. Hati za Hazina za muda mfupi hazikuguswa hata moja. Si huruma hiyo. Serikali iliyofungiwa masoko mengine yote hubaki ikiishi kwa mnada wa kila wiki wa hati fupi, na ikithubutu kutolipa za wiki hii, wiki ijayo hakuna atakayenunua na mishahara itakwama. Mwenye hati fupi analindwa na njaa ya mkopaji. Lakini angalia vizuri: ulinzi huo unatokana na nafasi ya serikali katika soko lake. Duka kubwa la bidhaa halina nafasi hiyo, hata likiuza hati ya siku zile zile 91.

Sasa tuje kwenye repo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mkopo wa muda mfupi ulioundwa kwa akili zaidi kuliko yote, na ndiyo isiyojulikana kabisa nje ya vyumba vya fedha vya mabenki. Kila benki nchini Kenya inatakiwa kuweka Benki Kuu sehemu ya amana za wateja wake, asilimia 3.25 tangu Februari 2025, na hesabu hiyo hupigwa kwa mzunguko unaoanza tarehe 15 na kufungwa tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Katikati ya mzunguko wateja wanatoa pesa, kampuni zinalipa kodi, serikali inalipa wakandarasi. Benki moja inajikuta imepungukiwa na nyingine imebakiwa. Iliyopungukiwa haina shida ya utajiri. Ina hatifungani za mabilioni kwenye vitabu vyake. Shida yake ni hela taslimu kabla jioni haijaingia.

Chukua mfano. Benki ndogo inataka shilingi milioni 500 kwa siku 7. Inaiuzia benki kubwa hatifungani za serikali, na papo hapo inaahidi kwa maandishi kuzinunua tena baada ya siku hizo 7 kwa bei waliyoipanga tayari. Benki kubwa haikubali kutoa milioni 500 kwa hatifungani zenye thamani ya milioni 500 barabara. Inadai ziada, tuseme asilimia 5 ya thamani ya hatifungani, kwa hiyo benki ndogo inapeleka hatifungani zenye thamani ya sokoni ya karibu milioni 526.3. Wakikubaliana riba ya asilimia 9.25 kwa mwaka, gharama ya siku 7 ni karibu shilingi 887,000. Siku ya saba benki ndogo inarudisha milioni 500 na hizo 887,000, na hatifungani zinarudi nyumbani. Ni jambo la weka rehani, chukua hela, ila hapa rehani haikai kabatini ikisubiri: umiliki wenyewe unahama.

Kila kipande cha mpango huu kipo kwa sababu. Benki ndogo ikifa siku ya tatu, benki kubwa haiendi kupanga foleni na wadai wengine mbele ya mfilisi. Hatifungani ni zake, inaziuza sokoni na kujilipa. Ili ipate hasara lazima mambo mawili yatokee kwa pamoja ndani ya wiki moja: mkopaji aanguke, na bei ya hatifungani ishuke zaidi ya ile ziada ya asilimia 5. Ndiyo maana ziada hupangwa kulingana na urefu wa hatifungani inayowekwa. Hati ya siku 91, kama tulivyoona, haiwezi kushuka sana, hivyo ziada ndogo inatosha. Hatifungani ya miaka 20 inayumba vibaya, na mkopeshaji makini hudai zaidi. Na bei ikianza kuteremka kabla siku hazijaisha, mkataba unamruhusu mkopeshaji kudai nyongeza ya hatifungani siku hiyo hiyo. Hapa ufupi wa muda na rehani vinasaidiana: siku 7 ni chache kiasi kwamba mtu anaweza kukisia bei itaanguka kwa kiasi gani, na akadai ziada inayolingana na makisio yake.

Kenya ilijifunza thamani ya jambo hili kwa njia ngumu. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 mabenki matatu yaliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama: Dubai, Imperial na Chase. Mpaka wakati huo mabenki yalikuwa yakikopeshana usiku kwa usiku zaidi kwa kuaminiana tu, jina na simu. Imani ilipovunjika, mabenki makubwa yaliwafungia madogo milango. Hali ikawa ya ajabu: kwa jumla pesa zipo tele sokoni, lakini benki ndogo iliyo na hatifungani nzuri kabisa inahangaika kupata hela ya usiku mmoja. Mkopo ule ulikuwa wa siku moja, mfupi kuliko yote iwezekanavyo, na bado hakuna aliyetaka kuutoa. Kama ufupi pekee ungekuwa usalama, jambo hilo lisingetokea. Kilichokosekana kilikuwa rehani inayohama kikweli. Repo kati ya benki na benki zilikuwepo, lakini chini ya utaratibu wa zamani hatifungani zilifungiwa tu bila umiliki kuhama, na mkopeshaji alibaki na mashaka kama angeweza kuzitumia mambo yakiharibika. Mfumo mpya wa Benki Kuu wa kutunza dhamana, DhowCSD, ulipoanza kazi mwaka 2023, umiliki ukaanza kuhama kwa kielektroniki pamoja na pesa, na mabenki madogo yakarudi sokoni kwa rehani yao badala ya jina lao.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: mbona repo ndiyo iliyoiua benki ya uwekezaji ya Bear Stearns ya New York Machi 2008? Ni kweli. Kampuni ile ilikuwa ikijiendesha kwa repo zinazoiva kila kukicha. Tarehe 10 Machi ilikuwa na akiba ya hela ya karibu dola bilioni 18. Jioni ya tarehe 13 ilikuwa imebakiwa na kama bilioni 2. Wakopeshaji walikataa kuongeza siku hata walipopewa rehani nzuri. Walijua kwamba rehani ingewalipa, lakini hakuna aliyetaka usumbufu wa kuiuza Jumatatu asubuhi huku kila mtu anauza. Wikendi hiyo kampuni ikauzwa kwa JPMorgan. Lakini soma kisa hicho kwa utulivu uone nani aliumia. Waliokopesha kwa repo waliondoka na pesa zao. Aliyeangamia ni mkopaji na wenye hisa wake. Usalama wa mkopo wa muda mfupi ni wa mkopeshaji, na gharama yake imebebwa na mkopaji, ambaye kila asubuhi lazima aombe upya. Anayesema "mikopo ya muda mfupi ina hatari ndogo" bila kusema ni hatari ya nani amesema nusu ya habari.

Tukiwa na hilo mkononi, twende kwenye hati za kampuni, komashali pepa kama mawakala wanavyoziita. Ukizishika zenyewe ni karatasi za kawaida sana. Kurasa chache: jina la kampuni, kiasi, siku 91 au 182 au 364, riba, na sentensi isemayo kwamba pesa zitatumika kwa mtaji wa uendeshaji. Mahali ambapo kwenye mkopo wa benki ungekuta maelezo ya kiwanja, magari au stoku iliyowekwa rehani, hapa hakuna kitu, au kuna maneno yanayosema wazi kwamba deni halina rehani. Ni ahadi ya kulipa, basi. Nyingi huuzwa faraghani kwa wawekezaji wachache walioitwa, kwa hiyo hazipiti kwenye ukaguzi ambao mamlaka ya masoko ya mitaji huufanya kwa toleo la umma.

Hakuna ubaya wowote katika hilo kama kampuni ni ya kazi ambayo hati hizi zilibuniwa kwayo. Msindikaji wa kahawa anayenunua mavuno Novemba na kuuza nje Machi anahitaji hela ya miezi minne. Ananunua kahawa, kahawa inauzwa, deni linalipwa, na kila kitu kinaisha chenyewe. Akienda benki atalipa riba ya ovadrafti iliyo juu zaidi. Akiuza hati anaokoa pointi kadhaa na mwekezaji anapata zaidi ya anachopata kwa Hazina. Pande zote zimefaidika, na hatari ni ndogo kwa sababu chanzo cha malipo kimeshaonekana kwa macho, kiko ghalani. Sioni sababu ya kuungana na wale ambao tangu mambo ya maduka makubwa yaharibike wanaiita kila hati ya kampuni utapeli. Soko la Marekani limekuwa likiendesha biashara hii kwa zaidi ya karne, na kwa kawaida hati zake haziendi zaidi ya siku 270, kwa kuwa zikivuka hapo sheria inazitaka zisajiliwe kama dhamana nyingine.

Tatizo linaanza pale deni la siku 182 linaponunua kitu kitakachorudisha hela baada ya miaka sita. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ndiyo mfano ambao kila Mkenya ameuona kwa macho. Katika kilele chake ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Kufungua tawi jipya ni rafu, majokofu, kodi ya jengo, mishahara, na miaka ya kusubiri kabla tawi halijasimama. Upanuzi huo uliegemea sana deni la muda mfupi: hela za wasambazaji waliokuwa wakicheleweshewa malipo, mikopo ya mabenki, na hati za kampuni. Hati zilipoiva, zililipwa kwa kuuza hati nyingine. Kwa aliyenunua ya kwanza, ya pili na ya tatu, mambo yalikwenda vizuri kabisa. Alilipwa kila mara siku ile ile, na kila alipolipwa imani yake iliongezeka. Lakini kile alichokiona kama ushahidi wa uwezo wa kampuni kilikuwa ushahidi kwamba mnunuzi mwingine amepatikana.

Dalili zilionekana mapema kwa yeyote aliyetembea dukani: rafu zikaanza kuwa na mapengo, bidhaa ya aina moja ikatandazwa kufunika nafasi ya aina tatu, kwa sababu wasambazaji waliokuwa hawajalipwa walikuwa wameacha kuleta mzigo. Msambazaji wa maziwa anajua hali ya duka kabla ya mwenye hati. Wakati huo huo hati zilikuwa bado mikononi mwa watu na mifuko. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, na madeni yaliyojumlishwa yalikuwa kama shilingi bilioni 30, takriban bilioni 4 kati yake zikiwa za wenye hati. Mabenki yaliyokuwa na rehani yalikuwa mbele yao kwenye foleni. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas, mshindani wake, kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Hata kama milioni hizo zote zingegawanywa sawa bila kujali nani ana rehani, kila shilingi ya deni ingepata chini ya senti 2. Mkopo wa miezi sita ukageuka kuwa mkopo wa milele.

Sasa turudi kwa yule anayesema miezi sita ni michache, hakuna kinachoweza kuharibika. Kati ya hoja zote za upande wake, hii ndiyo dhaifu kuliko nyingine, na kosa lake ni kwamba inahesabu muda wa karatasi badala ya muda wa deni. Kampuni inayolipa hati kwa hati haina deni la miezi sita. Ina deni la miaka kumi lililokatwa vipande vya miezi sita, na wewe unashika kipande kimoja bila kujua kama ni cha katikati au cha mwisho. Wamarekani walilijua hili mwaka 1970, kampuni ya reli ya Penn Central ilipofilisika ikiwa na hati za dola milioni 82 ambazo hazijalipwa. Baada ya hapo ikawa desturi kule kwamba kampuni inayouza hati iwe na mkopo wa akiba uliokwisha kukubaliwa na benki, ili siku wanunuzi wakikosekana hati zilizoiva zilipwe kwa huo. Swali la kwanza la kumuuliza wakala anayekuletea hati, kabla hujamuuliza riba, ni hilo: benki gani imekubali kusimama nyuma ya hizi, na kwa kiasi gani?

Wapo pia wanaosema kwamba mfuko wa mani maketi unamaliza tatizo, kwa kuwa hati ya kampuni moja ni sehemu ndogo tu ya mfuko mzima. Hoja hii ni bora na inastahili heshima. Mfuko uliotawanya pesa zake unaweza kumeza hasara ya mmoja. Hata hivyo, Septemba 2008 mfuko mmoja mkongwe wa Marekani, Reserve Primary, ulikuwa na karatasi za benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers za dola milioni 785 kati ya mali ya zaidi ya bilioni 60, kama asilimia 1.2 hivi. Lehman ilipofilisika, hasara hiyo peke yake ingempunguzia kila mwekezaji senti moja na kitu kwa kila dola. Kilichotokea ni kwamba ndani ya siku mbili wenye pesa waliomba kutoa karibu dola bilioni 40, mfuko haukuweza kuuza mali kwa kasi hiyo, na tarehe 16 ukatangaza kwamba dola ya mwekezaji sasa ni senti 97. Hatimaye walipata kama senti 99, lakini baada ya kusubiri. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuondoka leo, na haki hiyo ina thamani tu pale ambapo wengine hawaitumii. Kutawanya pesa kunapunguza hasara. Hakuzuii foleni mlangoni.

Basi asilimia 16 ya kampuni dhidi ya asilimia 8 ya Hazina ni bei ya nini? Tufanye hesabu bila kodi. Shilingi milioni moja kwa siku 182 kwenye Hazina inazaa karibu 39,900. Kwenye hati ya kampuni inazaa karibu 79,800. Umelipwa 39,900 zaidi kwa kubeba hatari ya kupoteza milioni nzima, maana tumeona wasio na rehani huambulia nini. Hesabu inasema kwamba kama kati ya hati 27 za namna hiyo moja tu itashindwa kulipa, ziada yote imeisha na umebaki sawa na aliyekaa kwa Hazina akilala usingizi. Kwa kampuni yenye kahawa ghalani na benki nyuma yake, moja kati ya 27 ni makadirio ya hofu tupu, na ningenunua. Kwa kampuni inayolipa hati kwa hati, sina uhakika kama hata moja kati ya tano ni hofu ya kutosha. Riba ni ile ile kwenye karatasi zote mbili, na hapo ndipo mwekezaji anapopotea.

Ndiyo maana kushuka kwa riba ya mifuko mwaka 2025 hakuthibitishi wizi wowote. Mfuko ulioshika hati za Hazina na amana za mabenki lazima ushuke Hazina inaposhuka, na unashuka haraka kwa sababu karatasi zake zinaiva upesi na kununuliwa upya kwa bei mpya. Wa kutiliwa shaka ni ule ambao haukushuka. Meneja aliyebaki juu wakati wenzake wote wameteremka ama alijifungia hatifungani ndefu wakati riba ikiwa juu, na hapo mfuko wake unayumba kwa bei zaidi ya unavyotangaza, ama amejaza hati za kampuni. Yote mawili ni halali ndani ya mipaka ya kanuni, ila mwekezaji anastahili kujua ni lipi kati ya hayo.

Na kwa sasa ni vigumu kujua. Taarifa nyingi za kila mwezi zinataja mafungu: dhamana za serikali kiasi fulani, amana kiasi fulani, "nyinginezo" kiasi fulani. Neno hilo la mwisho ndilo ningelianza nalo kama ningekuwa mdhamini wa mfuko. Majina ya kampuni zilizotoa hati, siku zilizobaki mpaka kuiva, kama hati hii imechukua nafasi ya nyingine ya kampuni ile ile iliyoiva mwezi uliopita, na kama kuna benki iliyosimama nyuma yake: hayo yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Mabenki yenyewe, watu wanaoijua biashara hii kuliko sisi sote, mara nyingi hayakubali kukopeshana hata kwa wiki moja bila kuhamishiwa umiliki wa hatifungani zenye thamani iliyozidi mkopo. Mwalimu aliyeweka akiba yake ya shilingi 200,000 hawezi kudai rehani. Orodha ya majina anaweza kuidai.